Fukusi wa Ndengu: Majibu kwa Maswali Yanayorudi Kila Msimu

Hotuba hii ilitolewa Zombe, Kitui Mashariki, baada ya somo la video kuhusu ndengu, tangu kuvuna hadi kuhifadhi. Inachapishwa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mimi si mtaalamu wa kilimo. Kazi yangu katika kaunti ni habari, na katika kazi hiyo nimejifunza kitu kimoja kuhusu masomo ya ukulima: somo likiisha, maswali ya kupanda huwa machache. Watu wa Zombe wanajua kupanda ndengu. Maswali mengi huhusu kile kinachotokea baada ya gunia kufungwa na kuwekwa chumbani. Kwa hiyo nimeyachukua maswali hayo, nikayapeleka kwa maafisa wa kilimo, nikawauliza mpaka wakachoka nami, na leo ninawaletea majibu.

Swali la kwanza ni hili: "Nilinunua gunia jipya, nikaweka ndengu safi mwezi wa pili, mwezi wa sita nikakuta unga na mashimo. Hao wadudu waliingilia wapi?"

Hawakuingia. Walikuwa ndani tangu siku ya kwanza.

Fukusi wa ndengu, ambaye wengine humwita dumuzi, ni mdudu mdogo wa kahawia anayeruka vizuri sana. Maganda yanapoanza kukauka shambani, yeye huruka kutoka kwenye ghala lenye ndengu au kunde za zamani na kutaga mayai juu ya maganda. Wakati wa kupura, maganda yanapopasuka, hutaga juu ya punje zenyewe. Yai ni dogo sana, limegandishwa kwenye ngozi ya punje, na halitoki ukilipangusa kwa kidole. Baada ya siku chache kiluwiluwi hutoboa kutoka chini ya yai moja kwa moja hadi ndani ya punje. Kwa nje huoni shimo, kwa sababu ganda la yai limeziba mahali alipopita. Unaona kidoa cheupe tu, kama tone la chokaa.

Humo ndani anakula, anakua na kugeuka. Karibu na kutoka, huacha ngozi nyembamba ya punje kama dirisha la duara lenye rangi iliyofifia. Kisha analisukuma dirisha hilo na kutoka akiwa mdudu kamili, naye huacha lile shimo la duara tunalolijua sote. Kwa joto la huku kwetu, safari hiyo yote huchukua takriban mwezi mmoja. Mdudu mkubwa haili ndengu. Anaishi wiki moja au mbili, anajamiiana, anataga na kufa. Ukimwona anatembea juu ya gunia, ujue hasara yake imeshatokea, na inayofuata imeshagandishwa juu ya punje nyingine.

Niruhusuni tupige hesabu kidogo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini watu husema wadudu "wametokea ghafla". Tuseme gunia lako la kilo 90 lina majike 10 mwezi wa pili. Jike mmoja anaweza kutaga mayai kama 60, pengine hata zaidi, lakini tuwe wapole: tuseme kwa kila jike wanatoka wadudu 20 tu walio hai, nusu wakiwa majike. Mwezi wa tatu una wadudu 200. Mwezi wa nne, 2,000. Mwezi wa tano, 20,000. Gunia la ndengu zenye punje ndogo lina punje karibu milioni moja na laki nane, kwa hiyo mwezi wa tano ni punje moja kati ya 90 iliyotobolewa. Unachota kikombe, unatazama haraka, unasema ndengu zangu ziko sawa. Mwezi wa sita wamefika 200,000, yaani punje moja kati ya tisa. Mwezi wa saba, kwa hesabu hiyo hiyo, hakuna punje iliyobaki.

Hesabu hii ni ya kuonyesha mwendo tu. Gunia halisi litachelewa au litawahi kidogo. Lakini mwendo ndio huo: miezi mitatu ya kimya, kisha mwezi mmoja wa maangamizi. Na mlanguzi anaujua mwendo huo kuliko sisi. Ndiyo maana anakuja mwezi wa pili na mizani yake na bei yake, na mkulima anauza yote, kwa sababu anajua akingoja mpaka bei ipande atauza unga. Anayeogopa fukusi hana la kujadiliana na mnunuzi.

Sasa, kama wadudu wanatoka shambani, kazi inaanzia shambani. Maganda ya ndengu hayakauki kwa pamoja. Usiyangoje ya mwisho huku ya kwanza yamekaa wiki tatu yakitagiwa mayai. Anayeweza, achume kwa awamu mbili au tatu kadiri maganda yanavyogeuka kuwa meusi au kahawia. Anayeng'oa mmea mzima, ang'oe wakati sehemu kubwa ya maganda imeiva, apure mapema, asirundike mabua uani kwa majuma. Na kabla ya mavuno mapya kuingia chumbani, ndengu na kunde kuukuu zitoke. Kile kikasuku cha mbegu za mwaka jana kilichosahauliwa kwenye kona ndicho kinachozaa wazazi wa wadudu wa mwaka huu. Magunia ya zamani yachemshwe au yaanikwe juani kwanza.

Swali la pili: "Nitajuaje kwamba zimekauka?"

Wengi hutumia meno. Punje iliyokauka hupasuka kwa sauti. Yenye unyevu huacha alama ya jino. Njia hiyo ni nzuri kwa kuanzia, ila meno ya mtu wa miaka 60 na ya kijana hayatoi jibu moja. Kuna njia ya chumvi, nayo nitaieleza polepole kwa sababu kosa dogo huiharibu.

Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Chukua chumvi ya kawaida na uikaushe kwanza, juani au kwenye sufuria juu ya moto mdogo, kisha uiache ipoe. Chota ndengu kutoka sehemu mbalimbali za rundo, si juu peke yake, nazo ziwe zimepoa. Usichote zikiwa moto kutoka juani. Jaza theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha acha chupa itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, ndengu bado zina unyevu unaozidi asilimia 15. Rudisha juani. Ikianguka yote chini, unyevu uko chini ya 15.

Hapa ndipo wengi hufunga gunia, na hapa ndipo mtu anapaswa kungoja. Chumvi inakwambia umeshuka chini ya asilimia 15, lakini ndengu za kuhifadhiwa kwa muda mrefu zinatakiwa zishuke hadi 12 au 13. Kwa hiyo, chumvi ikisha kukupitisha, ziongezee siku moja nzima ya jua, zikiwa zimetandazwa nyembamba juu ya turubai na kugeuzwa mara kwa mara. Vyama vingine vya ushirika na maafisa wa kilimo wana kipimo cha unyevu. Ukikifikia, kitumie, kinatoa jibu kwa sekunde chache.

Ninasisitiza turubai na si udongo. Sisi wa Kitui na majirani zetu wa Makueni hatuhitaji kusimuliwa kuhusu unyevu. Mwaka 2004, katika eneo hili la mashariki, sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi iliwaugua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Yalikuwa mahindi, si ndengu, na mahindi hushambuliwa na ukungu ule kwa urahisi zaidi. Lakini nyumba ni moja, turubai ni moja, na anayejifunza kukausha ndengu hukausha na mahindi. Mfuko nitakaoueleza sasa haukaushi kitu. Unahifadhi ulichokiweka kama kilivyo: kikavu hubaki kikavu, na kibichi huvunda.

Swali la tatu, ambalo huulizwa kwa kutoamini: "Mfuko usio na dawa unaua mdudu kwa nini?"

Mfuko huu usiopitisha hewa ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakishirikiana na wenzao wa Kameruni, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Adui wao alikuwa fukusi wa jamii hii hii ya kwetu. Ule wao huandikwa PICS, na siku hizi kampuni kadhaa huuza mifuko ya namna hiyo. Ule wa Purdue una tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nene, mmoja ndani ya mwingine, na gunia la kawaida kwa nje ili libebe uzito.

Wadudu walio ndani wanapumua kama sisi. Wanatumia oksijeni iliyobaki katikati ya punje, na mpya haiingii. Oksijeni ikipungua sana, mdudu huacha kula na kutaga. Na kwa kuwa mdudu wa ghalani hanywi maji popote, maji anayoyahitaji mwili wake huyatengeneza kutokana na chakula anapopumua. Akikosa hewa, hukosa na maji, akafa kwa kukauka. Hata kiluwiluwi aliye ndani ya punje, ambaye jua na vumbi la dawa havimfikii vizuri, hufa namna hiyo hiyo.

Mkiuelewa utaratibu huo, kanuni zote za kutumia mfuko zinajieleza zenyewe. Ujaze vizuri, kwa sababu mfuko nusu tupu una hewa nyingi ya kuwalisha wadudu. Acha juu nafasi ya kukunjia, kama urefu wa rula ya shule. Bonyeza hewa itoke, sokota mdomo wa mfuko wa ndani kabisa, ukunje, uufunge kwa kamba imara. Kisha wa pili, peke yake, namna hiyo hiyo. Kisha gunia. Usiifunge yote mitatu kwa fundo moja. Nao wajumbe wa mkutano wenye haraka wanajijua: usiufungue baada ya wiki mbili kuangalia kama wamekufa. Kila ukifungua unawapa pumzi. Familia inayokula ndengu kila juma iweke za kula kando, kwenye kasuku au debe, na mifuko ya kuuza iachwe bila kuguswa.

Mahali mfuko unaposhindwa ni pale unapotoboka. Panya hutoboa, hasa ukiegemezwa ukutani au kuachwa chini. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, chumba kifagiliwe. Punje zenye vijiti na mawe hutoboa kutoka ndani, kwa hiyo pepeta vizuri. Kabla ya kuutumia tena msimu wa pili, ingiza hewa kwenye kila mfuko wa ndani, ufunge mdomo kwa mkono na uukandamize. Ukisikia au kuhisi hewa inatoka, huo si mfuko tena wa kuhifadhia. Utumie kwa kazi nyingine. Mtu asikuuzie gunia lenye plastiki moja jepesi ndani akakwambia ni lile lile.

Kwa kiasi kidogo, mtungi wa plastiki wa lita 20 hufanya kazi ile ile ukiwa msafi, mkavu, umejazwa mpaka shingoni na kufungwa kwa kifuniko kinachobana. Unachukua kilo 15 hivi. Usitumie uliowahi kubeba dawa au mafuta ya gari, hata ukioshwa vipi.

Kuhusu majivu, nimeulizwa na akina nyanya watatu au wanne, na jibu ni kwamba wako sahihi, lakini vijana wao wanayapunguza. Majivu huzuia mdudu kutembea kati ya punje na kumfikia mwenzake. Ili yafanye hivyo yanatakiwa yajaze nafasi zote: sehemu tatu za majivu yaliyochekechwa na kupoa kwa sehemu nne za ndengu, yakichanganywa na kushindiliwa, na tabaka nene la majivu juu. Kunyunyiza konzi mbili juu ya gunia ni kulipaka gunia rangi. Kwa mbegu za nyumbani, njia hiyo bado inafaa. Kwa magunia matano ya kuuza, utakosa majivu kabla ya kumaliza gunia la pili.

Swali la nne: "Wangu wameshaingia. Nimechelewa?"

Inategemea umegundua lini, na ndiyo sababu ninaomba watu wakague ndengu wiki ya tatu au ya nne baada ya kupura kama hawakutumia mfuko. Tandaza kiganja kimoja cha punje kwenye sahani nyeusi, uzihesabu zenye vidoa vyeupe. Usingoje mashimo.

Kuanika tu hakutoshi. Wadudu wakubwa wataruka na kukaa kwenye paa wakikungoja, na walio ndani ya punje wataendelea kula. Lakini jua linaweza kuua kama likifungiwa. Tandaza nyasi kavu chini ili joto lisipotelee ardhini. Juu yake weka karatasi ya plastiki nyeusi, kisha ndengu kavu zikiwa tabaka jembamba, kisha plastiki inayoonyesha. Kunja kingo zote na uzizungushie mawe. Karatasi ya mita tatu kwa tatu inatosha kilo 50 kwa mara moja. Iache saa mbili au zaidi kidogo wakati wa jua kali la adhuhuri, siku isiyo na mawingu. Nyuzi 57 zikishikilia kwa saa moja, fukusi wa kila umri hufa, mayai kwa wakubwa. Ndengu zikiwa na unyevu usifanye hivi, utazipika. Na zikitoka, ziache zipoe kivulini kabla ya kufunga, la sivyo zitatoa jasho ndani ya mfuko. Baada ya hapo zifunge mara moja. Wadudu wa jirani hawakufa.

Mashimo hayazibiki. Ndengu zilizotobolewa hupepetwa na kuchaguliwa, na mnunuzi atazikataa au atakata bei, ana haki. Lakini gunia lenye punje moja mbovu kati ya 90 mwezi wa tano linaokoleka, na la mwezi wa saba haliokoleki.

Kuhusu dawa nitasema machache. Dawa ya kupulizia shambani haiwekwi kamwe kwenye chakula. Vumbi la kuhifadhia nafaka litumike tu kama kibandiko kinataja ndengu au kunde, na kwa kipimo na siku za kungoja zilizoandikwa, nalo liwe limesajiliwa na bodi inayodhibiti dawa za wadudu. Na vile vidonge vya gesi ambavyo watu huuziana kimoja kimoja sokoni vikiwa vimefungwa kwenye karatasi: gesi yake ni fosfini, inaua mtu aliyelala chumba kimoja na gunia, na mtoto hufa kwanza. Kazi hiyo ni ya waliofunzwa, kwenye ghala lisilo na watu. Mwenye kuviuza hivyo, mtajeni kwa afisa wa kilimo.

Swali la mwisho huulizwa na kina mama wanaoweka mbegu zao wenyewe: "Ndengu zilizonyimwa hewa miezi minane zitaota?"

Zitaota, ikiwa zilikuwa kavu zilipofungwa. Punje kavu inahitaji hewa kidogo mno, imelala. Kinachoua mbegu ni unyevu, joto na fukusi mwenyewe, maana mdudu akila ndani hula na kiini au akiba ya mche. Punje yenye shimo usiipande hata kama inaonekana nzima upande wa pili.

Lakini usiniamini mimi, jaribu. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua za vuli, hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri. Zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, kikunje, kiweke ndani ya sahani iliyofunikwa, ukinyunyizie maji kila asubuhi. Siku ya tano hesabu zilizoota vizuri. Zikifika 85 au zaidi, panda kama ulivyozoea. Zikiwa 60 au 70, ongeza punje kwa kila shimo au mstari. Zikiwa chini ya 50, zile kwa githeri na utafute mbegu nyingine wakati bado zipo dukani, kwa sababu siku mvua ikinyesha Zombe nzima itakuwa kwenye foleni hiyo.

Afisa wa kilimo wa wadi yuko pale chini ya mti na chupa, chumvi na mifuko miwili ya kuonyesha. Aliyekuja na ndengu zake mfukoni azipeleke zikapimwe sasa, kabla hatujaondoka.